Tangazo kwa waliokosa: gumzo la Kamati ya Ada

Katibu Hamisi: Wajumbe, habari za jioni. Nataka kuweka tangazo hili kwenye kundi la mtaa, lipitieni kwanza:
"Ndugu waombaji, Kamati inawashukuru kwa mwitikio mkubwa. Ushindani ulikuwa mkali sana. Kwa masikitiko makubwa tunawajulisha kuwa wafuatao hawakukidhi vigezo vya kulipiwa ada ya VETA. Msikate tamaa, huenda mkaitwa nafasi zikipatikana. Kwa maswali pigeni simu kwa Katibu."
Chini yake nabandika majina 149.

Mzee Kondo: Mimi ada ya taka nimelipa tangu tarehe mbili. Jina langu limeingiaje humo?

Katibu Hamisi: Shikamoo mzee. Hii siyo ya taka, ni ya vijana wa VETA.

Mzee Kondo: Marahaba. Basi sawa, endeleeni.

Bi Mwanahawa: Hamisi mwanangu, usiliweke hivyo. Hayo majina ya nini?

Salumu: Uwazi, Bi Mwanahawa. Mbona serikali inabandika majina mtandaoni?

Bi Mwanahawa: Inabandika ya walioitwa, Salumu. Sekretarieti ya Ajira waliokosa inawaambia kwa sentensi moja tu mwishoni: ambaye jina lake halipo ajue hakupata, na asisite kuomba tena. Nimekaa utumishi halmashauri hadi nastaafu, sijapata kubandika jina la aliyekosa. Na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2023. Watu walituandikia wapate ada, siyo wasomwe na mtaa mzima.

Salumu: Haya, lakini ya wale 12 waliopata yabandikwe. Tusipoyaonyesha tutaambiwa tumegawana.

Bi Mwanahawa: Hapo una hoja. Waulizwe kwanza kama wanaridhia.
Hamisi, la pili. "Hawakukidhi vigezo" si kweli. Wengi walikidhi, hela ndiyo ikaisha. Ukimwambia mtoto hakukidhi, mwakani haombi.

Mama Neema: Na hiyo "huenda mkaitwa" iondoe kabisa! Kaka yangu aliambiwa hivyo na ofisi moja. Wenzake wakaenda Mtwara msimu wa korosho, yeye kabaki na simu mkononi, hata bafuni anaingia nayo. Msimu ukaisha, simu haikulia.

Katibu Hamisi: Lakini tuna wanne wa akiba. Hao si wanaweza kuitwa kweli?

Bi Mwanahawa: Hao wanne wapigie mmoja mmoja, waambie wako akiba mpaka siku ya kuripoti chuoni. Tangazo la jumla lisiwaguse. Wale 12 wameshakubali wote?

Katibu Hamisi: Kumi na mmoja. Mmoja hapatikani.

Bi Mwanahawa: Basi subiri. Akikataa yeye, wa akiba wa kwanza anapanda. Ukitangaza leo kuwa nafasi zimejaa na kesho mtu akaingia, neno "mwisho" hakuna atakayeliamini.

Salumu: Na simu ya Katibu ibaki? Watu wana maswali.

Bi Mwanahawa: Uamuzi wa mwisho na namba ya kupiga havikai pamoja. Ukiweka namba, umewaambia bado kuna mazungumzo.

Mama Neema: Ila anayeuliza alama zake apewe. Ni zake.

Bi Mwanahawa: Ukimpa mmoja, uwe tayari kuwapa wote, na kila mmoja ataleta za jirani yake.

Mama Neema: Sijakubali. Iingie kikao cha Jumamosi.

*Jumatano*

Katibu Hamisi: Yule amepatikana, anakwenda. Wanne wa akiba nimeongea nao. Nimeliweka hivi kundi la mtaa:

"Ndugu waombaji wa ada ya VETA,
Nafasi 12 zimejaa. Kama hadi leo Jumatano hujapigiwa simu na Kamati, safari hii hukupata.
Maombi yalikuwa 161. Wengi mlitimiza masharti, lakini fedha iliyopo inatosha watu 12 tu. Asanteni kwa kuomba na kwa kuja kwenye usaili.
Uamuzi huu ni wa mwisho. Kopi za vyeti vyenu zipo ofisi ya mtaa, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, mpaka Ijumaa ya wiki ijayo.
Kamati ya Ada"

Bi Mwanahawa: Limekaa vizuri. Funga kundi, waandike maadmini tu mpaka kesho asubuhi.

Salumu: Tukifunga watasema tunaogopa.

Bi Mwanahawa: Watasema. Lakini aliyekosa hatasoma utani wa watu chini ya tangazo lake usiku huu.

Katibu Hamisi: Nimeshafunga.

Mama Neema: Mmefunga kundi, mlango wangu je? Mama wa yule kijana wa umeme yuko hapa, anataka alama.

Bi Mwanahawa: Mkaribishe, msikilize. Alama usimtajie kabla ya Jumamosi.

Mama Neema: Jumamosi nitalisema tena hilo.

Mzee Kondo: Kikao ni saa ngapi?