Tupeane uzoefu: gemu za midundo kwa sisi tusiojua hata do-re-mi, mguu wako ulikuangusha wapi?

Kirumba_Juu (mtoa mada)
Wakuu, jana nimepita kwenye ukumbi mmoja wa gemu huku kwetu nikakuta watoto wanakanyaga mkeka wenye mishale, mguu kushoto mguu kulia, wala hawahangaiki. Mimi nimekua na spika za harusi nje ya dirisha kila Jumamosi, lakini biti ikilia mimi nakuwa mtaa wa pili. Sijawahi kusoma muziki, kwaya nilitolewa. Sasa nimeweka StepMania, gemu ya mishale kama ile ile, kwenye laptopu (ni ya bure) ili nikanyage chumbani bila mashahidi. Nacheza kwa vidole kwanza, muziki natoa kwenye spika ya blututhi. Mambo ni MISS juu ya MISS. Waliopitia haya waje, kila mtu na la kwake. Mlitokaje?

Sato_Mkavu
Kwaya nilitolewa pia. Niko hapa nasoma.

MamaPacha_Igoma
Mmenikumbusha mbali. Mwaka ule nimeposwa, nikaalikwa sikukuu ukweni Nyegezi. Tumekula, tumeshiba, wifi yangu mdogo akawasha Just Dance kwenye tivii ya sebuleni. Hiyo haina mkeka, unashika simu mkono wa kulia na kumfuata mchezaji wa kwenye kioo. Nikasema sijui kucheza. Wakasema wifi usione aibu. Mama mkwe yupo, mashangazi wapo, baba mkwe anasubiri taarifa ya habari.

Dakika ya kwanza nikaenda vizuri tu. Nikaona Good, nikaona Super, kichwa kikavimba. Ikaja ile hatua ya kurusha mkono kutoka begani kwenda mbele. Jamani, nilikuwa nimekula samaki kwa mkono na nimenawa haraka haraka. Simu ilitoka kama jiwe la manati. Ikapiga tivii chini kidogo ya katikati, pakafanya utandabui, halafu rangi zikaanza kushuka: zambarau, kijani, weusi. Muziki unaendelea! Na kwenye kona iliyobaki nzima ikajiandika PERFECT.

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe akainuka, akachukua redio yake, akaenda kusikiliza habari barazani.

Bando_la_Usiku
Nimecheka mpaka kondakta kaniuliza kama nimeshalipa nauli 😂😂 Tivii alilipa nani?

Sato_Mkavu
Na ndoa ilifungwa??

MamaPacha_Igoma
Ilifungwa, jina langu la MamaPacha mmeliona. Ya tivii tuyaache.

Kijana_wa_Mawe
Dada usijilaumu, rimoti za Wii ziliwahi kuvunja tivii za watu ulaya mpaka Nintendo wakabadilisha kamba za mkononi, mwaka 2006. Na ngoja niwape siri ya Just Dance: ukichezea simu, mchezo unaupima mkono ulioshika simu TU. Miguu hauioni. Mdogo wangu anacheza amekaa kwenye kochi, anapunga mkono, anatushinda wote. Kwa hiyo mtoa mada kama unataka kupata pointi, nenda huko. Kama unataka mguu utii, huko utadanganywa.

MamaPacha_Igoma
Kumbe! Mimi nilikuwa nazungusha kiuno kwa bidii zote hizo mbele ya mkwe.

Bando_la_Usiku
Turudi kwa mtoa mada. Tatizo lako ni mtandao, mkuu. Intaneti ikiwa nzito gemu inachelewa. Nunua bando la maana, cheza usiku wa manane.

FundiSpika_Mabatini
Bando, hapo umechanganya. Just Dance ya kwenye simu inahitaji mtandao uliotulia kweli, maana simu na tivii vinaongea kwa Wi-Fi. StepMania iko ndani ya laptopu, zima data yote na itacheza vilevile.

Mtoa mada, umetaja neno moja ukalipita: SPIKA YA BLUTUTHI. Sauti ikitoka kwenye laptopu inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa kwenye spika. Kwa spika za kawaida safari hiyo inakula kama sehemu ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200, wakati mwingine pungufu na wakati mwingine zaidi. Kwenye filamu huoni kwa sababu programu inaichelewesha picha ilingane na sauti. Gemu haiwezi kukungoja hivyo.

Tupige hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Spika yako inakuletea pigo likiwa limechelewa karibu nusu ya nafasi iliyopo hadi pigo linalofuata. Wewe unabonyeza pale unaposikia, sikio lako zima kabisa. Lakini StepMania kwa mipangilio ya kawaida inakupokea ukiwa ndani ya milisekunde 180 tu, kabla au baada. Wewe umefika 200. MISS. Ukiacha sikio ukafuata jicho, mishale unaipata ila mwili unahisi unacheza wimbo mwingine. Huwezi kujifunza mdundo hapo, jicho linasema sasa na sikio linasema bado.

Kirumba_Juu
Kwa hiyo si mimi?

FundiSpika_Mabatini
Sijasema hivyo 😄 Kuna namna ya kujua. Weka muonekano, yaani theme, unaoitwa Simply Love, toleo linalokubaliana na StepMania yako. Wimbo ukiisha inakuonyesha mchoro mdogo wenye mstari katikati, ulivyowahi vinakaa upande wa Early, ulivyochelewa upande wa Late. Cheza wimbo rahisi wenye ngoma iliyonyooka, fuata sikio, mishale itazame kwa kuibia. Makosa yakirundikana upande mmoja kama kichuguu, hiyo ni mashine. Yakitawanyika huku na huku, huyo ni wewe.

Kijana_wa_Mawe
Fundi unamsumbua mtu na michoro. Aongeze kuchelewa kwenye mipangilio basi, mimi natumia blututhi mwaka mzima.

FundiSpika_Mabatini
Sikatai, mishale imepangwa tangu mwanzo kwa hiyo unaweza kuisogeza ikutane na sauti. Kwenye StepMania unabonyeza F6 mpaka iandike AutoSync Machine, unacheza kwa sikio, inapima unavyokosea na kujirekebisha, mwisho inauliza kama ihifadhi. Lakini zima spika yako, iwashe tena, upime. Mara nyingi ucheleweshaji haurudi pale pale. Na kama makosa yako yametawanyika, AutoSync itayafuata makosa hayo na kukuharibia zaidi.

Kijana_wa_Mawe
Yangu hairuki hata kidogo.

FundiSpika_Mabatini
Basi una bahati au una masikio ya msamaha.

Kijana_wa_Mawe
Masikio yangu yamepiga disko Mwanza hii wewe bado unauza betri.

Mzee_wa_Kamanga
Nina kinanda cha Yamaha kimekaa tu, oktavu tano, hakina adapta. Kama kijana anataka kujifunza muziki aje tuongee bei.

Sato_Mkavu
Mzee wangu shikamoo, hapa tunaongelea miguu.

Mzee_wa_Kamanga
Marahaba. Miguu pia ina kanyagio kwenye kinanda.

Ngwana_Kisesa
Nyie mnahangaika na mawaya. Mtoa mada njoo Bujora kipindi cha sikukuu ya Bulabo uone ngoma ya bugobogobo, watu wanarusha jembe juu wanalidaka na ngoma haijawasubiri. Hakuna mchoro pale. Babu yangu alikuwa akinambia usimsikilize mwimbaji, mwimbaji anakupotezea mguu kwa sababu anavuta maneno apendavyo. Tafuta ngoma kubwa, ile unayoisikia tumboni, uzito wako ushuke nayo. Mkono utajua wenyewe pa kwenda.

FundiSpika_Mabatini
Hapo kwa ngoma kubwa babu yako kamaliza. Wanaoanza wengi wanakanyaga maneno ya wimbo badala ya mdundo. Kwenye StepMania kuna F7, gemu inapiga makofi kila mshale unapofika. Sikio linashika makofi hayo kwanza, halafu unayazima.

Ngwana_Kisesa
Makofi ya kompyuta 😏

Bando_la_Usiku
Mimi ningesema apunguze mwendo wa mishale. Ikija polepole mtu anaiona.

Kijana_wa_Mawe
Hapa nampinga Bando na Fundi atanipinga mimi.

FundiSpika_Mabatini
Sikupingi, hapa uko sawa. Wimbo haubadiliki, kinachobadilika ni nafasi kati ya mishale kwenye kioo. Ukiweka polepole inabanana kama abiria wa daladala, hujui upi wa kwanza. Panda hadi 2x, au C400 ili kasi iwe ile ile hata wimbo ukibadilisha mwendo. Mara ya kwanza utatishika, halafu utaona kila mshale unasimama peke yake.

Kirumba_Juu
Nimerudi. Nimekopa waya wa jeki kwa jirani, nikapima vyote viwili. Blututhi: kichuguu kikubwa Late, na MISS kibao. Waya: MISS zimepungua sana, lakini sasa vidoti vimetapakaa pande zote mbili, Early kidogo zaidi.

FundiSpika_Mabatini
Safi. Sasa ndiyo wewe 😂 Kuwahi ni kawaida ya anayeanza, anakimbilia mshale akiuona unakaribia. Usiguse AutoSync. Washa F7, panda 2x, baki kwenye nyimbo za ngazi za chini kabisa.

Kirumba_Juu
Na mkeka je? Niliupata mtumba, ule laini wa USB. Nikikanyaga mara chache unatambaa hadi chini ya kitanda.

Kijana_wa_Mawe
Ugundishe kwenye ubao wa plaiwudi. Na usirudishe mguu katikati kila ukikanyaga! Hiyo ndiyo inawaua wageni. Mguu ukifika kwenye mshale ubaki hapo hapo, unaofuata ni wa pili. Ukirudi katikati kila mara unafanya hatua mbili kwa mshale mmoja, wimbo wowote utakuona mzembe.

Ngwana_Kisesa
Mimi ningesema rudi katikati mpaka uzito utulie. Asiye na msawazo ataanguka.

Kijana_wa_Mawe
Wewe jembe, mimi mkeka.

MamaPacha_Igoma
Peku au viatu?

FundiSpika_Mabatini
Kwa mkeka laini peku au soksi, soli ngumu inachana karatasi za ndani. Soksi kwenye vigae lakini, utajikuta hospitali.

Sato_Mkavu
Mimi nataka kuanza na singeli. Inafaa?

Bando_la_Usiku
Inafaa sana.

FundiSpika_Mabatini
Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika. Hesabu mwenyewe nafasi inayobaki kati ya pigo na pigo.

Sato_Mkavu
Nitakanyaga pigo moja nipumzike moja.

FundiSpika_Mabatini
Unacheka, lakini ukifanya hivyo unakuwa kwenye 100 na bado uko ndani ya wimbo. Jaribu.

Bando_la_Usiku
Waya wa jeki mzuri unapatikana wapi, Makoroboi au kwenye maduka ya simu mjini? Vya mtaani kwangu vinatoa sauti sikio moja.