Naomba ushauri: nirekodi vipi kwa simu utengenezaji wa mafuta ya nazi ili mnunuzi aniamini?

Binti Pongwe
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninatengeneza mafuta ya nazi hapa Tanga na kuyauza zaidi kwa wateja wa Dar es Salaam na Arusha, ambao hawajawahi kufika kwangu. Swali lao ni lile lile: watajuaje kuwa sikuchanganya na mafuta ya kupikia? Wa Arusha wanaongeza kwamba mafuta yamewafikia yakiwa yameganda kama mshumaa, wakashuku nimetia kitu. Nimeanza kurekodi video fupi kwa simu, lakini tui linatoka la kijivu, na nikiunganisha hatua zote kuanzia kufua nazi hadi kujaza chupa, watazamaji hawafiki mwisho. Nionyeshe hatua ipi, na kwa namna gani?

Mzee wa Chumbageni
Binti yangu, rekodi mwanzo hadi mwisho bila kukata hata mara moja. Video ikikatwa tu, mtu atasema hapo ndipo ulipochanganya.

Mpigapicha Ngamiani
Shikamoo Mzee. Hofu yako ni ya haki, ila tui hulala usiku kucha ndipo mafuta yajitenge, na hakuna atakayekesha akilitazama. Dada, tafuta mahali penye shaka, kisha hapo ndipo usikate. Kufua na kukuna hakumtii mtu wasiwasi; sekunde chache zinatosha. Shaka iko kati ya tui na chupa.

Weka tui kwenye jagi la kioo karibu na dirisha, ubandike karatasi yenye tarehe. Lirekodi jioni, kisha asubuhi ukiwa umesimama pale pale, ili mtu aone mwenyewe maji yaliyobaki chini, utando mzito mweupe, na mafuta yaliyojitenga. Halafu engua mafuta, uyatie sufuriani juu ya moto mdogo, na hapo uache kamera iendelee. Mwanzoni yatalia kwa sababu yana maji. Maji yakiisha, mlio unakoma. Mnunuzi anayejua mapishi ataelewa kwamba mafuta hayo hayatachacha upesi, kwa hiyo usiufunike mlio huo kwa muziki.

Ukijivu unatokana na simu yenyewe: ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza. Gusa tui kwenye skrini, ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha vuta alama ya jua juu kidogo. Ufute pia kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu kila mara, kwa kuwa mikono yenye mafuta huacha ukungu unaofanya kila kitu kionekane kina moshi, na usiielekeze simu juu ya sufuria penye mvuke.

Mama Sahare
Mafuta yakichacha ni kwamba hukuchemsha vya kutosha. Ongeza muda, dada, na uchuje kwa kitambaa cha pamba.

Binti Pongwe
Ahsante mama, lakini yangu hayachachi. Ninachouliza ni kurekodi. Mpigapicha, na hili la kuganda?

Mpigapicha Ngamiani
Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Arusha usiku hufika huko kwa urahisi. Toa chupa iliyoganda kwenye friji, uitie kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, urekodi yanavyoyeyuka. Ila usiandike kwamba huo ni ushahidi wa usafi, maana hata yaliyochanganywa yanaweza kuganda. Video hiyo inaondoa hofu ya kuganda, basi.

Mwani wa Kaole
Mimi niko Bagamoyo, natengeneza sabuni ya mwani. Nilionyesha hadi mizani ya vipimo, na haukupita muda mrefu nikaona sabuni kama yangu sokoni. Sasa naonyesha mikono na ukataji wa vipande tu, ingawa wateja wanalalamika kwamba nimeanza kuficha. Sijui lipi afadhali.

Mzee wa Chumbageni
Narudi kwenye langu. Karatasi ya tarehe huandikwa na mwenye jagi. Anayetaka kudanganya ataiandika vilevile.

Mpigapicha Ngamiani
Ni kweli, Mzee, na hapo video ina mpaka wake. Inasaidia kidogo tarehe ile ile ikiandikwa kwenye lebo ya chupa, ili mteja alinganishe na video ya mkamuo huo. Kwa mnunuzi wa jumla, mwambie siku unazoengua mafuta, naye apige simu ya video saa anayotaka yeye.

Binti Pongwe
Hilo la simu nitalianza na duka moja la Arusha. Tatizo ni kwamba mwenye duka huhamishia mafuta kwenye chupa zake, na lebo yangu inaishia hapo. Kuna aliyewahi kukubaliana na duka kuhusu jambo hili?