Kitanza ndimi kirefu au kifupi kwa mtoto anayechanganya r na l?

MwlMbagala: Wakuu, nafundisha darasa la kwanza. Nina watoto kadi imeandikwa "karamu", wao wanasoma "kalamu". Kipi bora: darasa zima likariri "Liwali wa Liwale hali wali wa Liwale", au nitunge vifupi vyenye r na l pamoja?

MtotoWaKinondoni: Shika cha Liwali. Sisi tulikiimba kila asubuhi, leo haraka kuliko jana, ndimi zikalainika. Haraka ndiyo dawa.

BiTemeke: Kulainika sawa, lakini hicho hakina r hata moja! Anayesema l kila mahali atakipita bila kukwama, nawe utadhani amepona.

Mwalimu, kwanza jua tatizo liko sikioni au ulimini. Ziba mdomo kwa daftari ili wasitazame midomo, kisha sema "kalamu" au "karamu" bila mpangilio, mara 10. Mtoto aonyeshe picha: kalamu, au watu wamezunguka sinia la pilau. Akipatia 5 au 6 anabahatisha, na kitanza hakitamsaidia bado. Mchezeshe jozi nyingine za kusikiliza: kula na kura, mahali na mahari, fahali na fahari.

Anayepatia zote ila akitamka anateleza, huyo ndiye wa kitanza. Mpe "Karani alileta kalamu karamuni". Aanze polepole, akipiga kofi kwa kila silabi: ka-ra-ni, a-li-le-ta. Ongeza kasi akishapita mara kadhaa bila kuteleza. Akiteleza rudisha mwendo, la sivyo anakariri kosa.

Halafu mpe kadi ya maneno yaleyale yaliyopanguliwa: "Karamuni karani alileta kalamu". Akikutajia sentensi ya zamani, hasomi, anakumbuka tu.

MamaTabata: Wangu ana miaka 4, anasema "lafiki". Nimwanzishie hicho cha karani?

BiTemeke: Mwache kwanza, mama. Kwa watoto wengi r huchelewa kuja. Akisema "lafiki", wewe mjibu "Ehe, rafiki yako yuko wapi?" basi. Ila ukiona hata ukimwita kwa nyuma hageuki, mpeleke akapimwe masikio.

MtotoWaKinondoni: Kumbe cha Liwali kibaki cha kuchekeshana mapumziko 😂

MwlMbagala: Nimewajaribu wawili wa dawati la mbele. Mmoja amepatia zote, ila akitamka ni l tupu. Wa pili kila nikisema anaonyesha kalamu, na kwao wote wanaongea hivyo, nimemsikia mama yake. Huyu nimsahihishe hata akiongea uwanjani?

BiTemeke: Uwanjani mwache. Msahihishe akisoma na akiandika imla.

MzeeWaUpanga: Mimi sikubali. Akiachwa uwanjani, darasani atakuwa anaigiza tu.

BiTemeke: Mzee, ukimkatiza kila sentensi atanyamaza kabisa. Nimewaona wa hivyo.