Kundi la Nyumba ya Tabata: skwashi ya Jumamosi

Mama Zuhura, Ijumaa 17:02
Habari za jioni wote. Kesho watoto ni 36, nimehesabu mara mbili. Wanaanza saa nane hadi saa kumi na moja. Chakula kimekaa sawa, kimebaki kinywaji. Dispensa ni mbili za lita 8. Nataka kabla ya kulala tuwe tumekubaliana skwashi inachanganywa vipi, sitaki ya akika yajirudie.

Baba Sudi, 17:05
Ya akika si tulishayasamehe jamani 😅

Mama Zuhura, 17:05
Tuliyanyamazia. Chupa umenunua?

Baba Sudi, 17:09
Nne, za lita moja moja. Imeandikwa 1+4. Dispensa lita 8, gawanya kwa nne unapata mbili. Basi chupa mbili kila dispensa, unajaza maji, kwisha.

Mama Zuhura, 17:10
Haya, chupa mbili mbili. Wengine mnasemaje?

Da Mwanaidi, 17:31
👍

Shemeji Kassim, 17:33
Na sukari kilo ngapi ninunue? Nipo dukani.

Rehema, 17:41
Shikamooni wakubwa, nilikuwa jikoni. Shemeji usinunue sukari, skwashi ina sukari yake tayari. Na hiyo hesabu ya Baba Sudi msiipitishe kwanza.
1+4 ni fungu moja la skwashi na mafungu manne ya maji, jumla matano. Kwa hiyo unagawa kwa tano. Ukitia chupa mbili kwenye lita 8, maji yanayoingia ni lita 6 tu, umeshachanganya moja kwa tatu. Inakuwa tamu ya kukwaruza koo, watoto wanaomba maji badala ya juisi, na chupa zako nne zinaishia lita 16 wakati zingetoa 20.

Baba Sudi, 17:44
Kwani nne iliyoandikwa si ndiyo ya kugawia?

Rehema, 17:46
Hiyo nne ni maji peke yake, ongeza na ile moja. Ila hesabu yenyewe mnaweza kuiacha. Chupa ya skwashi ikiisha, ipimieni maji hiyo hiyo: skwashi chupa moja, maji chupa nne, mmepata lita 5. Dispensa msiijaze hadi mdomoni, mtashindwa kukoroga na kifuniko kitamwaga. Ishieni lita 7 na nusu: skwashi chupa moja na nusu, maji chupa sita.

Kaka Hamisi, 17:47
Mimi yangu 1+0 😂😂

Binamu Tatu, 17:47
Hamisi na kisukari chako cha kesho 😂

Mama Mkubwa, 17:52
Mimi ukwaju wangu wa biashara naweka barafu nyingi na unapendwa. Wekeni barafu tu.

Rehema, 17:58
Mama Mkubwa, ukwaju wako unautengeneza mzito na unauzwa upesi. Hii itakaa saa tatu mezani. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka ni lita nzima ya maji. Ukiitia kwenye lita 7 na nusu zilizopimwa vizuri, wa mwisho wanakunywa maji ya rangi. Bora tugandishe lita mbili za juisi iliyokwisha kuchanganywa, vipande vyake viingie humo. Vikiyeyuka ladha haibadiliki.

Mama Zuhura, 18:03
Sawa. Lakini je, inatosha? Watoto 36!

Rehema, 18:07
Glasi ni za mililita 200, zikimiminwa hadi 180 ili zisimwagike. Mtoto mmoja glasi tatu kwa saa tatu hizo, ni glasi 108, kama lita 19 na nusu. Tuseme 20. Baba Sudi, chupa zote nne ni aina moja? Angalia kila lebo, tafadhali.

Kaka Hamisi, 18:08
Baba Sudi atakunywa hizo glasi 108 peke yake

Binamu Tatu, 18:08
Na atasema hajapewa 🤣

Baba Sudi, 18:10
Nyie watoto nyie

Rehema, 18:22
Baba Sudi, lebo?

Mama Zuhura, 18:30
BABA SUDI LEBO.

Baba Sudi, 18:36
Mbili za chungwa 1+4. Mbili za pasheni... 1+6. Sikuziona.

Rehema, 18:40
Ndiyo maana nimeuliza. Ungechanganya pasheni kwa moja na nne ingekuwa nzito mno. Dispensa ya pasheni: chupa moja ya skwashi, maji chupa sita, lita 7, inaingia vizuri. Ya chungwa ile ile ya moja na nusu kwa sita. Msizichanganye ndani ya dispensa moja, hamtajua tena kipimo cha kujazia. Zote nne zikifunguliwa ni lita 24, tuna ziada. Pasheni ya pili ifunguliwe mkiona ya kwanza inaelekea kuisha.

Mama Zuhura, 18:42
Afadhali. Nani atachanganya?

Da Mwanaidi, 18:55
👍

Mama Zuhura, 18:56
Mwanaidi, 👍 ni wewe utachanganya?

Shemeji Kassim, 19:04
Tunamimina tu kwenye dispensa?

Rehema, 19:09
Hapana. Skwashi ni nzito kuliko maji, inashuka chini, na koki iko huko huko chini. Glasi za kwanza zinatoka kama dawa ya kikohozi, za mwisho hazina ladha. Ichanganyeni kwenye ndoo safi kwanza, korogeni kwa mwiko mrefu hadi usione michirizi chini, ndipo mmimine. Na kila mnapojazia, korogeni upya. Ile ya chungwa ikiwa na nyama za tunda, pitisheni kwenye chujio, zinaziba koki.
Onjeni ikiwa imeshapoa. Ikiwa ya moto inaonekana tamu zaidi, mtaongeza maji bure.

Binamu Tatu, 19:11
Koki ipi? Ya ile dispensa iliyoondoka na koki ikarudi bila koki?

Mama Zuhura, 19:12
Tatu.

Binamu Tatu, 19:12
Nauliza tu. Kila mtu anajua ilirudi kwa nani.

Kaka Hamisi, 19:13
😶

Mama Mkubwa, 19:15
Ilishavunjika nilipopewa. Nimesema toka mwaka juzi.

Bibi, 19:26
Nawasoma. Maji yachemshwe usiku huu, yafunikwe, yapoe mpaka asubuhi. Hata ya kugandishia. Barafu ya kununua isiguse juisi ya watoto. Mnajua sababu. Mambo ya koki mtanijia nayo mimi, siyo humu.

Mama Zuhura, 19:27
Sawa Bibi.

Mama Mkubwa, 19:27
Sawa Mama.

Baba Sudi, 19:28
Shikamoo Mama. Sawa.

Rehema, 19:34
Shikamoo Bibi. Maji ya chupa zote nne ni lita 20 kamili: chungwa 8, pasheni 12. Chemsheni dumu moja na kidogo, mengine yatakwenda na mvuke. Yaanze sasa, lita 20 hazipoi kwa saa moja. Yakiwa ya moto msiyamimine kwenye dispensa, ile plastiki inajikunja. Lita mbili za kugandisha nitachanganya mimi kwa chungwa, zikipoa ziingie friza.

Mama Zuhura, 19:38
Maji nachemsha mimi. Dispensa ya kwanza ipo kwangu. Ya pili?

Rehema, 19:40
Aliye nayo aijaribu leo kwa maji. Ikidondosha, mpira wa koki ukae upande wa ndani, nati ikazwe kwa mkono bila koleo.

Mama Zuhura, 19:58
Ya pili iko kwa nani?

Shemeji Kassim, 20:17
Sukari nilishanunua kilo mbili.

Mama Zuhura, 20:18
Dispensa ya pili jamani.

Mama Mkubwa, 21:05
Nitaangalia stoo asubuhi.

Da Mwanaidi, 22:40
Ndio nimesoma. Ndoo ninayo. Mwiko mrefu sina.