Nimesainishwa barua ya kujiuzulu, sasa naambiwa niliacha kazi kwa hiari!

Miaka sita nimetunza stoo ya kampuni moja ya jumla hapa Kampala. Wiki tatu zilizopita, Ijumaa saa tisa, naitwa ofisini. Mezani kuna barua imeshachapwa: najiuzulu kwa hiari, sababu za kifamilia. Jina langu limekosewa herufi. Nani anaandika barua yake akakosea jina lake mwenyewe?

Meneja anasema katoni nne za mafuta ya kula hazionekani. Nisaini, au Jumatatu nifukuzwe kwa wizi. Nikaomba tufungue daftari la kutolea mali tuhesabu pamoja. Akakataa. Nikaomba basi nikalale nifikirie. Akatazama saa: mwisho saa kumi na moja. Saa kumi na nusu nikasaini.

Leo nimekwenda kudai notisi yangu, naambiwa aliyejiuzulu hana chake, tena mimi ndiye ninayedaiwa notisi! Hiari gani hiyo?

Mzee wa Koboko: Pole, dada. Ila ukishasaini umejimaliza. Sahihi ni sahihi.

Bodaboda_Mstaafu: Hata mimi niliacha kazi Arua nikanyimwa cheti cha utumishi. Wewe wamekupa?

Mama Stoo (mwenye uzi): Kaka, cheti siulizii. Nauliza kama nilijiuzulu!

Karani wa Zamani: Mzee, hapo umepata nusu. Sahihi ina uzito, lakini anayeamua haishii kwenye karatasi, huuliza nani hasa aliyeuvunja mkataba. Anayejiuzulu kwa hiari huanza mwenyewe, huchagua siku yake na hutoa notisi. Huyu dada kaletewa barua, kapewa saa mbili, na kitisho juu yake. Sheria ya Ajira ya 2006 inahesabu kuwa mwajiri ndiye aliyekatisha mkataba pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu ya mwenendo usiovumilika wa mwajiri huyo. Na hata tuhuma ingekuwa wizi, ilibidi aelezwe, asikilizwe, aje na mtu wake. Kukosa kusikilizwa peke yake kuna malipo ya wiki nne. Kwa miaka sita, notisi ni miezi miwili.

Ila sikufichi: wangekuandikia tuhuma, wakakupangia siku ya kusikilizwa, wewe ukaona bora uondoke, kesi ingekuwa ngumu. Na ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulilazimishwa. Una nini mkononi?

Mama Stoo: Meneja alinitumia watsapu siku ile: "Leta barua kabla ya saa 11 au usahau kila kitu." Ameshaifuta. Lakini nilikuwa nimempelekea mume wangu picha yake.

Karani wa Zamani: Usiifute hiyo! Nenda kwa afisa kazi wa eneo ilipo kampuni. Una miezi mitatu tangu siku uliyotolewa, na wiki tatu zimeshapita.

Mzee wa Koboko: Na wakisema picha imetengenezwa?

Mama Stoo: Nakala ya barua ninayo pia, na jina lililokosewa. Jumatatu nakwenda.