Alama za vidole nilizopigwa nikiwa na miaka 9 ndizo zinaninyima kitambulisho mpaka leo

KijanaWaFafi

Wadau naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo nimetoka ofisi ya vitambulisho mara ya 4 tangu 2021 na jibu ni lile lile, ati wewe ni mkimbizi rudi kambini. Mimi! Marehemu baba alikuwa na kitambulisho cha Kenya, mama anacho, babu alichunga ng'ombe huku Fafi kabla hata kambi za Dadaab hazijafunguliwa 1991.

Ilikuwa hivi. 2011 ule ukame ulitumalizia mbuzi, wakabaki 3, chakula cha serikali kijijini hakikufika, lakini kambini Hagadera watu walikuwa wanaandikishwa kama wakimbizi wanapewa rasheni. Mama akatupeleka mimi na dada yangu, mama mmoja wa kambini akakubali tuandikwe kama watoto wake. Nakumbuka nilisimama kwenye kamashine kadogo kenye kioo, msichana akanishika kidole kimoja kimoja akikibonyeza, taa ya kijani ikawaka nikacheka. Jioni ile tulikula dengu tukashiba. Nilikuwa na miaka 9, nani alinieleza kwamba hapo nauza uraia wangu??

Nikamaliza fomu foo nikaenda kuomba kitambulisho kama wenzangu, vidole vyote 10 vikapakwa wino, nikapewa karatasi nisubiri. Wenzangu wakapata, mimi miezi 7 kimya, halafu naambiwa alama zako zimegongana na za mkimbizi. Hakuna barua, hakuna maandishi, ni mdomo tu. Nafasi ya chuo ikaenda kwa sababu HELB bila kitambulisho hakuna mkopo. Pesa yangu ya vibarua inaingia M-Pesa ya mama. Basi la Nairobi likifika daraja la Tana wote wanatoa vitambulisho, mimi nashushwa na begi langu kama mwizi. Kambini sijalala hata mwezi mmoja maishani mwangu, na bado askari ananiuliza pasi ya kutoka kambini iko wapi.

Kuna mtu yeyote hapa amewahi kutoka kwenye hili shimo?

Mzee_wa_Lagdera

Kijana punguza hasira. Rais alitangaza Wajir mwezi wa 2 mwaka 2025 kwamba msasa wa kaunti za mpakani uishe, mtu aombe kitambulisho kama Mkenya mwingine. Wewe rudi pale na cheti cha kuzaliwa, ukiwa na cheti hawana la kusema. Kama huna, chifu atakuandikia upate cha kuchelewa.

KijanaWaFafi

Mzee wangu kwa heshima, hayo nimeshafanya. Nilizaliwa nyumbani 2002, hakuna kliniki hakuna chochote, cheti nilikipata juzi kwa barua ya chifu. Afisa alikiangalia akakirudisha juu ya meza, akasema hata watoto wa wakimbizi wanazo hizi.

Bi_Halima_msaidizi

Hapo afisa alikuwa sahihi ingawa inauma. Nimefanya kazi ya kuwasaidia watu wa kesi hii miaka kadhaa kwa hiyo nisikilizeni. Cheti cha kuzaliwa kinasema ulizaliwa wapi na nani, hakisemi wewe ni raia. Mtoto wa Msomali au Mkongo akizaliwa Kenya anapata cheti kile kile. Kwa katiba yetu uraia wa kuzaliwa unatoka kwa mzazi, yaani siku unazaliwa baba au mama awe Mkenya. Kwa hiyo karatasi yako yenye nguvu ni kitambulisho cha mama.

Na Mzee, msasa na alama ni vitu viwili. Msasa ni wazee na chifu kukaa wakikuhoji wewe ni wa nani. Sasa hata wazee wote wakuapie, ukipakwa wino mashine bado itakukuta upande wa wakimbizi na fomu yako italala hapo. Ndio maana amekwenda mara 4, kila mara anagonga ukuta ule ule.

Mwanangu, mpangilio wako uko kinyume. Usiombe kitambulisho tena sasa. Anza na kufutwa upande wa wakimbizi, halafu ndio uombe upya. Kwa kufutwa watataka kujua uliandikwa jina gani, mwaka gani, kambi gani, chini ya nani, na namba ya kadi ya rasheni. Hapa ndipo watu wengi wanajiangusha, wanasema "sijawahi kuandikwa" kwa woga, na vidole vinasema vingine, basi faili linawekwa kando kwa uongo. Sema ukweli wote. Beba kitambulisho cha mama chenyewe sio kopi tu, cha baba au cheti chake cha kifo, barua ya chifu, na karatasi za shule tangu darasa la 1. Shule ni muhimu sana, rejista ya shule ya kijijini 2011 na 2012 inaonyesha ulikuwa darasani nyumbani sio kambini. Na mtu asikudanganye ubadilishe jina ujaribu kaunti nyingine, jina linabadilika lakini kidole ni kile kile.

Uvira_Eastleigh

Ndugu yangu usikubali kufutwa hata kidogo!! Miye ni Mkongo, nilikimbia Uvira bila karatasi hata moja, nyumba iliungua na vyote. Hiyo kadi ya mkimbizi ndiyo mama na baba yangu hapa Nairobi. Ikiisha muda nakaa miezi na ile karatasi ya muda, benki wanaikataa, lakini nikikosa kabisa nakamatwa. Weye unayo unataka kuitupa? Na kitabu cha kusafiria cha wakimbizi utakipata namna gani?

KijanaWaFafi

Kaka pole sana kwa yaliyokukuta, lakini mimi sina kadi ya mkimbizi na sikukimbia popote. Kwao mimi ni mkimbizi wa kwenye kompyuta tu, kwenu siwezi kupata kitu na kwetu siwezi kupata kitu.

Bi Halima asante, hakuna ofisi hata moja ilinieleza hivyo miaka yote hii, wangesema tu anza kule! Shida yangu ni kadi. Yule mama tulioandikwa chini yake alihamishwa Marekani 2015 na kadi alikuwa nayo yeye. Na mama yangu anaogopa kuja kutoa maelezo, anasema atafungwa kwa kula chakula cha wakimbizi.

Bi_Halima_msaidizi

Mama mwambie nimekaa na akina mama wengi wa 2011 kwenye hayo mahojiano na sijaona aliyefungwa. Aje, maelezo yake yana uzito kuliko ya mtu yeyote. Namba ya kadi mtafuteni huyo mama kwa simu, jamaa zake wa Hagadera watakuwa na namba yake. Kwamba familia aliyoandikwa nayo imeshaondoka nchini, hiyo kesi sijawahi kuishika, sitakudanganya. Na jiandae, baada ya mahojiano majina yanapelekwa Nairobi na kukaa huko ni muda mrefu, nina watu wa ile zamu ya 2019 wanasubiri hadi leo. Kila ukitoa karatasi dai upigiwe muhuri kwenye kopi yako.

Mzee_wa_Lagdera

Na dada yake je? Si waliandikwa pamoja?

KijanaWaFafi

Ndiyo, na yeye mwaka huu ametimiza 18. Alikuwa ameshaandaa picha za kwenda kuomba wiki ijayo. Nimempigia sasa hivi nimemwambia asipakwe wino kwanza, analia na mimi sina la kumwambia.

Kesho tunaenda Hagadera kutafuta jamaa za yule mama. Mama amekubali kuja.