Video ya vizimba vya ngege inakwama kwa wenye mtandao hafifu: nipunguze ukubwa wa picha au kasi ya biti?

MharirWaDunga (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Ninahariri masomo ya video kwa wafugaji wa ngege katika vizimba vya ziwani, nayo huwekwa kwenye ukurasa wetu wenyewe kama faili moja ya MP4. Somo la sasa ni la dakika sita, nililitoa kwa 720p, na wastani wake pamoja na sauti ni kilobiti 900 kwa sekunde, yaani takriban MB 40. Kichezeshi chetu huandika upana wa skrini ya kila mtazamaji na sekunde ambayo video ilikwama. Simu nyingi zina skrini ya upana wa pikseli 720, na wengi wanakwama kuanzia dakika 2:40, pale mfanyakazi anapotupa chakula majini. Je, nishuke hadi 480p, au kasoro iko kwingine?

KambaYaMtandao

Usipunguze chochote. Toa kwa 1080p yenye kasi kubwa ya biti, kwa sababu YouTube hutengeneza nakala ndogo yenyewe na kumpa kila mtu inayomfaa. Ukiipa faili hafifu, nakala zake zitakuwa hafifu zaidi.

FundiWaKodeki (Nakuru)

Ndugu Kamba, unayosema ni kweli kwa YouTube, lakini mwenzetu ameeleza kwamba faili yake ni moja na iko kwenye ukurasa wao. Hapo mwenye laini nzuri na mwenye laini mbovu wanapakua biti zilezile.

Mhariri, jibu unalo tayari katika data yako. Kama mtandao pekee ndio ungekuwa tatizo, kukwama kungetawanyika katika video nzima. Kukiwa na watu wengi wanaokwama mahali pamoja, chunguza faili kwanza. Maji yanayoruka ni mzigo mkubwa kwa kodeki, kwa kuwa karibu kila pikseli hubadilika katika kila fremu. Tuseme kipande hicho cha sekunde 20 kinapanda hadi kilobiti 3,000 kwa sekunde, huku laini ya mtazamaji ikipitisha 1,200. Kipande kinahitaji megabiti 60, laini inaleta 24, na pengo la megabiti 36 linahitaji sekunde 30 zaidi. Akiba iliyokwisha kupakiwa itapunguza kusubiri huko, ila simu haipakii faili yote mapema. Wastani wa 900 uliuamini, kumbe ndio uliokuficha.

Kwa hiyo weka dari, si wastani tu:

```
ffmpeg -i somo.mov -vf scale=-2:480 -r 25 \
 -c:v libx264 -crf 24 -maxrate 800k -bufsize 1600k \
 -c:a aac -b:a 64k -ac 1 \
 -movflags +faststart somo480.mp4
```

Ile `-r 25` inafaa ikiwa ulirekodi kwa fremu 25 au 50. Kama ni 30 au 60, andika 30, usije ukapata mwendo wa kuruka-ruka.

Kuhusu 480p, mtazamaji akiishika simu wima, video pana inachukua upana wote wa pikseli 720, na urefu wake unakuwa 405 tu. Picha ya 720p hapo inapunguzwa na simu yenyewe baada ya bando kuliwa. Akiigeuza simu ataona tofauti, lakini kwa somo la kulisha samaki ningeikubali.

MamaStudioKakamega

Mimi pia video zangu za harusi zinaharibika nikizituma kwa WhatsApp. Nikitumia amri hiyo zitabaki safi?

FundiWaKodeki (Nakuru)

La, dada, WhatsApp huibana video upya kwa vipimo vyake. Itume kama hati, si kama video. Faili itafika ilivyo, ingawa mpokeaji ataipakua yote.

MharirWaDunga (Kisumu)

Nimejaribu. Faili imeshuka hadi MB 29 na mikono ya mfanyakazi inaonekana vizuri, ila maji yamekuwa kama uji wakati wa kulisha, na jedwali la kiasi cha chakula kwa uzito wa samaki halisomeki.

FundiWaKodeki (Nakuru)

Maji yaache; hakuna anayejifunza kutoka kwa mawimbi. Jedwali lipange upya kwa herufi kubwa, safu mbili kwa kila picha, na likae kwenye skrini bila kusogea, kwani picha tuli haili biti nyingi.

Mwalimu_wa_Usenge

Naomba niongeze tahadhari moja. Data hiyo huandikwa na kichezeshi ambacho nacho lazima kipakiwe kwanza. Huku kwetu kuna nyakati ukurasa haufunguki kabisa, hivyo sisi wenye laini mbovu kuliko wote hatumo katika hesabu yenu. Ningependa pia faili ya 360p yenye dari ya kilobiti 400.

KambaYaMtandao

Basi afadhali akate video vipande vya HLS vya viwango vitatu, simu ichague yenyewe.

MharirWaDunga (Kisumu)

HLS itanilazimu kubadilisha kichezeshi, na kwa sasa sina muda huo. Nitaweka faili mbili pamoja na kitufe cha kuchagua, kisha baada ya wiki nitaangalia kama kukwama kwa 2:40 kumetoweka au kumehamia penginepo. Ninachojiuliza bado ni ipi ianze yenyewe mtu anapofungua ukurasa, ile ya 360p au ya 480p.